Mamlaka Yasiyoandikwa ya Mashirika ya Kimataifa

Nchi ina mamlaka kwa sababu ni nchi. Shirika la kimataifa haliko hivyo, kwa kuwa mamlaka yake yote hutoka kwa nchi zilizoliunda. Nchi hizo hukaa pamoja na kuandika mkataba unaoeleza shirika limeundwa kwa kazi gani, lina vyombo gani, na kila chombo kinaruhusiwa kufanya nini. Kwa kanuni, ambalo nchi hazikulikabidhi shirika linabaki kwa nchi zenyewe.

Kanuni hiyo ni rahisi kuitamka, lakini kuifuata neno kwa neno haiwezekani, maana hakuna mkataba unaotaja kila kitu. Waliouandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa mjini San Francisco mwaka 1945 hawakusema lolote juu ya vikosi vya kulinda amani. Hawakusema kama Umoja huo unaweza kudai fidia mjumbe wake akiuawa, wala kama unaweza kuwaundia wafanyakazi wake mahakama ya kusikiliza malalamiko yao. Mambo hayo yote matatu yalikuja kufanyika, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ikakubali kwamba ni halali. Msingi wake ni mamlaka ya kudokezwa, yaani mamlaka ambayo mkataba hauyataji lakini husomeka ndani yake, kwa sababu bila hayo kazi iliyoagizwa haitendeki. Aliyetumwa kuchota maji kisimani hahitaji ruhusa ya pili ya kushika kamba. Ugumu unaanza pale anapotaka kuchimba kisima kipya na kusema kwamba hilo nalo limo katika agizo la kuleta maji.

Kesi iliyoweka msingi wa fundisho hili ilitokana na mauaji. Mei 1948, Umoja wa Mataifa ulimteua Folke Bernadotte, mwanadiplomasia kutoka Sweden, awe mpatanishi wake katika vita vya Palestina. Tarehe 17 Septemba mwaka huohuo, akiwa safarini ndani ya Jerusalem katika eneo lililoshikiliwa na Israeli, gari lake lilizuiwa na watu wenye silaha wa kundi la Kiyahudi la Lehi. Alipigwa risasi akafa pamoja na kanali wa Kifaransa, André Sérot, aliyekuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa na aliyeketi kando yake.

Swali la fidia lilizuka mara moja, na halikuwa na jibu jepesi. Kwa desturi ya wakati ule, mtu akidhulumiwa na nchi ya kigeni, nchi yake ndiyo humdaia. Sweden ingeweza kumdaia Bernadotte na Ufaransa ikamdaia Sérot. Lakini wote wawili hawakuwa kazini kwa niaba ya nchi zao. Aliyewatuma alikuwa Umoja wa Mataifa, na Mkataba wake haukusema kwamba unaweza kusimama mbele ya nchi na kudai chochote. Ibara ya 104 iliupa uwezo wa kisheria ndani ya nchi wanachama, kwa mfano kumiliki mali na kuingia mikataba ya kawaida. Isitoshe, Israeli ilikuwa bado haijawa mwanachama. Desemba 1948 Baraza Kuu liliipelekea Mahakama maswali, na tarehe 11 Aprili 1949 Mahakama ikatoa maoni yake ya ushauri.

Hatua ambazo majaji walizipitia zinafaa kufuatwa moja baada ya nyingine, kwa sababu zimeigwa katika kesi nyingi zilizofuata. Kwanza waliuliza kama Umoja wa Mataifa ni mtu wa kisheria katika sheria ya kimataifa, yaani kama unaweza kuwa na haki na wajibu wake wenyewe ulio tofauti na wa wanachama wake. Mkataba haukujibu, basi wakaangalia kazi ambazo Mkataba umeupa. Umoja umepewa vyombo vyake, wanachama wanatakiwa kuusaidia katika hatua unazochukua, na unafunga mikataba na nchi. Umekabidhiwa kazi nzito ya kutunza amani ya dunia. Mahakama ikaona kwamba chombo chenye majukumu hayo hakiwezi kuyatekeleza kikiwa si mtu wa kisheria. Walioupa kazi hizo walikuwa wameupa pia hadhi ya kuzifanya, hata kama hawakuiandika.

Hatua ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Kuwa mtu wa kisheria hakumaanishi kuwa na haki zote ambazo nchi inazo, na Mahakama ilisisitiza kwamba Umoja wa Mataifa si nchi, wala si dola iliyo juu ya nchi zote. Haki zake hupimwa kwa makusudi na kazi zake, kama zilivyoelezwa au kudokezwa katika Mkataba na kama zilivyokua katika utendaji. Hapo ndipo lilipowekwa lile tamko lililopata umaarufu mkubwa katika fani hii: kwamba Umoja huo lazima uchukuliwe kuwa na mamlaka ambayo, ingawa hayakutajwa wazi, umepewa kwa dokezo la lazima kwa kuwa ni ya msingi katika kutekeleza kazi zake.

Baada ya hapo Mahakama ilirudi kwa mjumbe mwenyewe na kuuliza atahitaji nini ili afanye kazi yake. Ibara ya 100 inakataza wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa kupokea maagizo kutoka serikali yoyote. Mjumbe akijua kwamba yakimfika mabaya atakayemtetea ni serikali yake tu, ataitazama serikali hiyo kabla ya kila uamuzi. Anayetoka nchi dhaifu atakuwa na ulinzi hafifu kuliko anayetoka nchi yenye nguvu, na asiye na uraia wa nchi yoyote hatakuwa na ulinzi kabisa. Uhuru ambao ibara ya 100 inautaka utabaki maandishi matupu. Kwa hiyo Umoja wenyewe lazima uweze kumtetea, na uwezo huo unahusu madhara yaliyoupata Umoja na pia yaliyompata mjumbe au jamaa zake. Juu ya madhara yaliyoupata Umoja wenyewe majaji wote walikubaliana. Juu ya madhara ya mjumbe mwenyewe walikubali 11, wanne wakapinga. Na kwa kuwa nchi takriban 50 zilizoiwakilisha sehemu kubwa ya jumuiya ya mataifa ndizo zilizoiunda taasisi hiyo, ilionekana kwamba hata nchi isiyo mwanachama haiwezi kujifanya haiioni. Mwaka 1950 Israeli ililipa dola 54,628 zilizodaiwa kwa ajili ya kifo cha Bernadotte.

Miongoni mwa waliopinga alikuwa jaji Mmarekani, Green Hackworth, na hoja yake haijawahi kuzikwa. Hackworth hakukataa kwamba kuna mamlaka yasiyoandikwa. Alichokataa ni njia ya kuyapata. Kwake, mamlaka ya kudokezwa hutoka katika mamlaka yaliyoandikwa, na huishia pale ambapo mamlaka hayo yaliyoandikwa yanaweza kutumika. Ukiyatoa katika makusudi ya jumla, kama vile "kulinda amani", hakuna utakachoshindwa kukipata, maana makusudi huandikwa kwa maneno mapana kwa makusudi. Wenzake walio wengi walianzia kwenye makusudi na kazi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kesi nyingi: je, mtafsiri anaanza na ibara au anaanza na lengo?

Miaka kumi na mitatu baadaye swali hilo lilirudi, na safari hii lilihusu askari, pesa na Kongo. Kongo ilipata uhuru wake kutoka kwa Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960. Ndani ya siku chache jeshi liliasi, askari wa Kibelgiji wakarudi bila ridhaa ya serikali mpya, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Rais Joseph Kasavubu na Waziri Mkuu Patrice Lumumba waliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai Baraza la Usalama lilimruhusu Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld, kuipa serikali hiyo msaada wa kijeshi. Kikosi kilichotumwa kilifikia karibu askari 20,000 kilipokuwa kikubwa zaidi, na watu wa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, walikiona kikipigana mitaani mwao kabla ya Katanga kurudishwa mwanzoni mwa 1963.

Aliyetafuta ndani ya Mkataba ibara inayoruhusu kikosi cha namna hiyo hakuipata. Sura ya sita inazungumzia kusuluhisha migogoro kwa amani. Sura ya saba inaruhusu nguvu za kijeshi, lakini kwa mpango ambao nchi zingeahidi majeshi yao kwa mikataba maalumu chini ya ibara ya 43, na mikataba hiyo haikuwahi kufungwa hata mmoja. Kikosi cha kwanza cha aina hii, kilichopelekwa Misri wakati wa mgogoro wa Suez mwaka 1956, kiliundwa na Baraza Kuu kwa sababu Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimelizuia Baraza la Usalama kwa kura ya turufu. Umoja wa Kisovieti ulikataa kulipia vikosi hivyo, na Ufaransa ikakataa kulipia kile cha Kongo. Wasovieti walisema kwamba mambo ya majeshi ni ya Baraza la Usalama peke yake, hivyo gharama za vikosi vilivyoendeshwa kinyume cha utaratibu huo si "gharama za Umoja" ambazo ibara ya 17 inawataka wanachama wote wazichangie. Fedha zilipungua kiasi kwamba Desemba 1961 Baraza Kuu liliamua kukopa kwa kuuza hatifungani za dola milioni 200, na siku hiyohiyo likaiuliza Mahakama.

Jibu la tarehe 20 Julai 1962 lilipitishwa na majaji tisa dhidi ya watano. Mahakama ilisoma ibara ya 24, inayolipa Baraza la Usalama jukumu la kwanza juu ya amani, ikaona kwamba jukumu la kwanza si jukumu la pekee. Ikaona kwamba kisichoruhusiwa kwa Baraza Kuu ni hatua za kuilazimisha nchi, ilhali vikosi vya Misri na Kongo viliingia kwa ridhaa ya serikali husika. Juu ya ibara ya 43, ilisema haiwezekani kwamba wanachama walikusudia Baraza la Usalama libaki limefungwa mikono mpaka mikataba ile ifungwe. Kisha ikatoa kanuni iliyo pana kuliko ile ya 1949: Umoja ukichukua hatua inayoweza kusemwa kwamba inafaa kutimiza mojawapo ya makusudi yake yaliyotajwa, itachukuliwa kwanza kwamba hatua hiyo haiko nje ya mamlaka yake, na anayedai kinyume ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha.

Hapa kuna mabadiliko yanayostahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1949 kipimo kilikuwa ulazima: bila mamlaka haya, je, kazi inashindikana? Mwaka 1962 kipimo kilielekea kwenye kufaa: je, hatua hii inahusiana na lengo? Kipimo cha pili ni chepesi mno, na kikitumiwa peke yake hakimzuii mtu yeyote. Kilichoiokoa hukumu ya 1962 isiwe ruhusa ya lolote ni kwamba Mahakama haikutegemea lengo peke yake. Ilichunguza pia ibara zenyewe na utendaji: bajeti za miaka iliyotangulia, ambazo zilikuwa na mafungu ya amani na usalama yaliyopitishwa bila upinzani, na maazimio ya mara kwa mara ambayo vyombo vya Umoja vilikubali kwayo kuendelea na kazi ya Kongo.

Utendaji, hata hivyo, ni shahidi anayehitaji kuhojiwa. Jaji Percy Spender wa Australia, aliyekubaliana na matokeo ya 1962, alikataa sehemu hiyo ya hoja. Katika Baraza Kuu walio wengi wanaweza kurudia jambo lilelile kila mwaka huku walio wachache wakipinga kila mwaka. Kulirudia hakuwezi kuwa ushahidi kwamba waliopinga wamekubali. Kama kungekuwa ushahidi, walio wengi wangeweza kuubadilisha mkataba kwa kuuvunja mara nyingi, bila kupitia utaratibu wa kuurekebisha. Hoja ya Spender ni ya haki, na mifano ya baadaye inaonyesha kwamba Mahakama imekuwa ikielekea upande wake.

Mfano wa utendaji uliokubalika ni wa kura. Ibara ya 27 inataka maamuzi makubwa ya Baraza la Usalama yapate kura za kuafiki za wanachama wake wa kudumu. Ukiyasoma maneno hayo peke yake, mwanachama wa kudumu akikaa bila kupiga kura, azimio limeanguka. Tangu 1946 Baraza halikufuata usomaji huo, kwani aliyejizuia kupiga kura hakuhesabiwa kuwa amezuia. Azimio la Kongo la Julai 1960 lenyewe lilipita kwa njia hiyo, Uingereza, Ufaransa na China zikiwa zimejizuia. Suala lilifika mbele ya Mahakama katika kesi ya Namibia. Afrika Kusini, iliyokuwa ikiing'ang'ania nchi hiyo baada ya Baraza Kuu kuufuta udhamini wake mwaka 1966, ilidai kwamba azimio la Baraza la Usalama la kuomba maoni ya Mahakama lilikuwa batili kwa sababu wanachama wa kudumu wawili walijizuia. Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ilikataa. Utaratibu huo ulikuwa umefuatwa kwa muda mrefu bila kubadilika, wanachama wa kudumu wenyewe waliutumia, uliendelea vilevile hata baada ya ibara ya 27 kufanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika 1965, na wanachama wa Umoja kwa jumla walikuwa wameukubali. Hili lilikuwa jambo la namna ya kuamua kuliko la mamlaka mapya, lakini vipimo vyake ndivyo vinavyotumika katika yote mawili: muda, ulinganifu, na ridhaa ya wale ambao wangeweza kulalamika.

Mfano wa kinyume ulitokea 1996, na ndio unaoonyesha vizuri zaidi mahali ambapo mamlaka ya kudokezwa yanakoma. Mei 1993 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliiuliza Mahakama kama matumizi ya silaha za nyuklia vitani, kwa kuzingatia madhara yake kwa afya na mazingira, yangekuwa kuvunja sheria ya kimataifa. Swali lilikuwa la maana kwa kila binadamu, na shirika lilikuwa na haki ya kuomba maoni ya Mahakama kwa sharti kwamba swali litokee ndani ya eneo la shughuli zake.

Majaji waliisoma katiba ya shirika hilo, wakaona orodha ndefu ya kazi zake, na wakakubali kwamba shirika linaweza kushughulikia madhara ya nyuklia kwa miili ya watu, kuwatibu walioathirika na kujiandaa kwa maafa. Lakini mgonjwa wa mionzi anahitaji matibabu yaleyale bomu likiwa limerushwa kihalali au kinyume cha sheria. Uhalali wa silaha haubadilishi kazi ya daktari, kwa hiyo mamlaka ya kuuliza juu ya uhalali huo si ya lazima kwa kazi ya shirika. Zaidi ya hapo, mashirika maalumu kama la afya yameundwa kama sehemu za mfumo mmoja, kila moja na fungu lake, na masuala ya silaha na matumizi ya nguvu ni fungu la Umoja wa Mataifa wenyewe. Kulipa shirika la afya mamlaka hayo kwa dokezo kungevunja mgawanyo huo. Utendaji nao haukusaidia: azimio moja, lililopitishwa huku likipingwa, halikutosha kuthibitisha kwamba wanachama walilielewa shirika lao hivyo. Kwa kura 11 dhidi ya tatu Mahakama ilikataa kujibu, jambo ambalo haijalifanya kwa ombi lingine lolote la maoni ya ushauri.

Kutoka katika kesi hizi msomaji anaweza kulipima dai lolote jipya la mamlaka yasiyoandikwa. Ataanza na mkataba wenyewe, kwa kuwa mamlaka hayawezi kudokezwa pale ambapo maandishi yameyakataa. Kisha ataitafuta kazi iliyotajwa wazi na kuuliza kama inakwama bila mamlaka yanayodaiwa, na kwa nini, kwa ufafanuzi wa aina ile ambayo majaji wa 1949 waliutoa juu ya mjumbe na serikali yake. Kama jibu linaishia kwenye lengo kubwa tu, bila kueleza kinachokwama, dai ni dhaifu. Ataangalia kama kazi hiyo tayari ni ya chombo kingine. Mwisho atauliza utendaji umekuwaje, na hasa waliopinga walisema nini.

Kipo kikomo kingine ambacho si cha hoja za kisheria. Maoni ya ushauri hayaifungi nchi kama hukumu inavyomfunga mdaiwa, na hakuna mahakama yenye kazi ya kukagua kila azimio la shirika la kimataifa. Baraza Kuu liliyapokea maoni ya 1962, lakini Umoja wa Kisovieti na Ufaransa hazikulipa. Ibara ya 19 inamnyima kura katika Baraza Kuu mwanachama mwenye deni la miaka miwili, na Marekani ilitaka itumike. Ili kukwepa mpasuko, kikao cha Baraza Kuu kilichoanza Desemba 1964 kiliendeshwa karibu chote bila kupiga kura. Agosti 1965 Marekani iliacha kushikilia dai hilo. Ibara ya 19 haikutumika dhidi ya wakubwa hao, na vikosi vya kulinda amani viliendelea kutumwa mpaka leo, bila neno hata moja la Mkataba kurekebishwa ili kuvitaja.